Simu Ilipotea, Sawa. Na Wewe Ulikuwa Wapi?

Huku Mtwara nimeshika daftari la mahudhurio kwa miaka, kwanza kwenye ghala la korosho, sasa kwenye biashara ya mtu binafsi. Mtu anapotea siku kadhaa, halafu anatokea Jumatatu asubuhi na sentensi moja: "Bosi, simu ilipotea, namba zote zimeenda." Mara nyingi anasema kweli. Na mara nyingi ukweli huo haumsaidii kitu, kwa sababu ametoa jibu la swali ambalo halikuulizwa kwanza.

Kutokuwepo kazini bila taarifa ni mambo mawili. La kwanza, kwa nini hukuwepo. La pili, kwa nini hukusema. Simu iliyopotea inajibu la pili tu, tena kwa sehemu. Haiwezi kukuzuia kufika kazini. Mfanyakazi akiyachanganya, bosi anasikia kisingizio. Bosi naye akiyachanganya, anamfukuza mtu aliyekuwa na sababu nzito kwa kosa la kutopiga simu. Naona watu wengi wanapoteza kazi katika huo mchanganyo, na inaniuma.

Nina mfano wa karibu. Binti wa jirani yetu ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Jumapili moja ya mwezi wa tatu, siku ambayo hana zamu, alipigiwa kwamba mama yake ameanguka ghafla nyumbani Newala. Akapanda basi la kupitia Nanyamba na Tandahimba, akitegemea kugeuza kesho yake alfajiri. Aliposhuka stendi ya Newala simu haikuwemo mkobani. Jumatatu mama akapewa rufaa ya hospitali ya Ndanda, na binti ndiye aliyemsindikiza na kubaki wodini kumuuguza. Mama akaruhusiwa Ijumaa. Jumamosi akamfikisha nyumbani, Jumapili akarudi Mtwara, Jumatatu akaripoti kazini.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mwenye duka. Keshia wako alifunga hesabu Jumamosi, Jumatatu hayupo, ukipiga simu haipatikani. Kabla ya huruma, kitu cha kwanza kinachokujia ni pesa. Yule bosi alihesabu droo upya, akapitia vitabu vya risiti, akabadilisha kufuli. Hakukosea. Ndiyo maana mtu anayeshika pesa, funguo au stoo anatakiwa, katika maelezo yake, aseme mapema kabisa aliacha nini, wapi, na alimkabidhi nani. Hilo likikosekana, habari ya mama mgonjwa inasikilizwa na mtu ambaye bado anawaza wizi.

Jumapili ile aliyorudi, usiku, binti alikuja kwetu kuomba ushauri, na nilimwambia asisubiri barua ya kujieleza. Aandike yeye kwanza, aende nayo Jumatatu asubuhi kwa nakala mbili, moja agongewe mhuri au isainiwe kwamba imepokelewa. Tulikaa barazani, akaandika hivi, nami nanukuu kwa ruhusa yake:

"Yah: Kutokuwepo kazini tarehe 10 hadi 15 Machi. Jumamosi tarehe 8 nilifunga hesabu na kumkabidhi msimamizi pesa pamoja na funguo ya droo, naye alisaini kitabu. Jumapili tarehe 9 niliitwa Newala, mama alianguka. Simu yangu ilipotea njiani siku hiyo hiyo. Jumatatu tarehe 10 mama alihamishiwa hospitali ya Ndanda nikiwa msindikizaji, nikamuuguza hadi aliporuhusiwa Ijumaa tarehe 14. Jumamosi tarehe 15 nilimrudisha nyumbani. Namba yako na za wenzangu zilikuwa kwenye simu iliyopotea, hivyo Jumatatu hadi Jumatano sikuwa na njia ya kukupata. Alhamisi nilirudisha laini Masasi, lakini majina hayakurudi. Kuanzia siku hiyo ningeweza kumtuma mtu dukani. Sikufanya hivyo, na kwa hilo naomba radhi. Naomba siku hizi zikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka."

Mjomba wake alipoisoma alikasirika. "Unajinyonga kwa kamba yako mwenyewe," akamwambia, akitaka ile sentensi ya "ningeweza kumtuma mtu" ifutwe. Mimi niliipigania ibaki, na bado naamini ndiyo sentensi iliyobeba barua nzima.

Sababu ni laini. Bosi wa leo anajua laini inarudishwa. Ukienda kwa wakala na namba yako ya NIDA, ukaweka kidole, unaondoka na namba ile ile. Kwa hiyo swali lake la pili litakuwa: namba yako ilirudi hewani Alhamisi, mbona hukupiga? Binti alikuwa na jibu la kweli. Kitambulisho kilibaki Mtwara, na kivuli chake kilikuwa nyumbani kwa mama. Mpaka kaka yake alipokileta Alhamisi hakuwa na namba ya NIDA ya kumpa wakala. Na laini mpya inarudisha namba yako wewe, si majina uliyohifadhi. Majina yaliyokuwa kwenye kumbukumbu ya simu au kwenye laini ya zamani yameenda na simu. Yanayorudi ni yale yaliyokuwa yamehifadhiwa kwenye akaunti ya Google, na hayo nayo utayaona ukipata simu janja na kukumbuka nywila. Yeye alinunuliwa kitochi. Angepata simu janja hata ya kuazima na kujisajili upya WhatsApp kwa namba yake, kundi la wafanyakazi lingerudi lenyewe na namba za wenzake ndani yake. Hilo hakulijua, na wengi hawalijui.

Hata hivyo, duka lina bango barabarani na lina majirani. Kaka mtu angeweza kumpa ujumbe kondakta wa basi la Mtwara, kama tunavyotuma mizigo kila siku. Kwa hiyo kisingizio cha simu kinaisha Alhamisi. Aliyeandika mwenyewe kwamba kinaisha Alhamisi anaaminiwa kwa Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Anayedai kimefunika wiki nzima anaulizwa maswali matatu tu, kisha haaminiwi hata kwa siku zile ambazo kweli hakuwa na njia.

Kuhusu ushahidi, watu wanakimbilia polisi kuchukua ripoti ya upotevu, wakidhani hiyo ndiyo ngao. Ichukue, inasaidia. Lakini inathibitisha kwamba umeripoti, pamoja na tarehe uliyoripoti. Ukiichukua baada ya kurudi, sema kwamba umeichukua baada ya kurudi, maana tarehe imeandikwa pale pale. Kilichokuwa na uzito kwa binti ni karatasi za hospitali, na hapo pana mtego: karatasi ya kuruhusiwa ina jina la mgonjwa, haina jina la aliyemuuguza. Ukiwa bado wodini omba maandishi mafupi yenye mhuri yanayokutaja wewe kama msindikizaji. Yeye aliyapata kwa sababu muuguzi mmoja alimwuliza kama ameajiriwa. Tiketi za basi alikuwa nazo.

Sheria nayo inahitaji kusomwa vizuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi siku 4 zenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wake, na kwa kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Mzazi yupo kwenye kifo, hayupo kwenye ugonjwa. Binti alitaka kuandika kwamba alikuwa na haki ya siku 4. Hakuwa nayo, na bosi mwenye mwanasheria angemkamata hapo. Kwa maoni yangu hilo ni pengo baya, kwa sababu kwetu mama akilazwa ni lazima mtoto aende, na mara nyingi ni wa kike. Lakini maadamu ndivyo ilivyoandikwa, omba likizo ya mwaka au siku bila malipo, usidai kisichokuwepo.

Upande wa pili, kanuni za utendaji bora za 2007, Tangazo la Serikali Namba 42, zinataja utoro wa zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa au bila sababu ya kukubalika kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi. Duka lile linafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, kwa hiyo binti alikuwa na siku 6. Amevuka mstari. Kilichomlinda ni yale maneno "sababu ya kukubalika", na sababu hiyo ni mama aliyelazwa, si simu. Angeandika simu peke yake, angekuwa mtoro wa siku 6 asiye na sababu.

Waajiri wengi wa hapa mjini wanasema "kajifukuza mwenyewe". Hakuna anayejifukuza. Hata mtoro aliyevuka siku 5 anaitwa kwenye kikao, anapewa tuhuma kwa maandishi na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na ana haki ya kuja na mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi. Akifukuzwa bila hayo, ana siku 30 za kupeleka lalamiko kwa tume ya usuluhishi na uamuzi, CMA. Aliye chini ya miezi 6 kazini hana kinga hiyo, naye ndiye anayepaswa kuwa makini zaidi na barua yake. Na ukiletewa karatasi ya kuacha kazi "ili mambo yaishe", usiisaini siku hiyo. Ukishasaini, itaonekana umeondoka kwa hiari.

Bosi wake aliisoma barua amesimama, akakaa, akaisoma tena. Akauliza hali ya mama. Kisha akauliza kuhusu Alhamisi, kama nilivyotarajia, na binti akajibu, "Bosi, kama nilivyoandika. Nilikuwa na njia na sikuitumia." Msimamizi akaitwa na kitabu cha makabidhiano, saini ikaonekana. Akapewa onyo la maandishi kwa kutotoa taarifa, wala si kwa kutokuwepo, na hapo naona yule mzee alitenda haki kwa kutenganisha mambo mawili. Siku 6 zikakatwa kwenye likizo yake ya siku 28, zikabaki 22. Alisaini onyo, akapewa nakala, akarudi kwenye droo kabla ya saa nne.