Soko likipanda kila mtu fundi, hebu tuambie beta yako kwanza

Kuna jamaa kwenye grupu letu la hisa la wasap, juzi katupostia skrinshoti ya faida ya asilimia 30 kwa mwaka, watu wakammwagia emoji za moto, na sasa anataka tumpe hela atusimamie kwa komisheni ya asilimia 2 kila mwaka. Nikamuuliza tu, kaka beta yako ngapi? Akasema nina wivu.

Haya tupige hesabu, namba nimezizungusha kidogo. Soko zima lilipanda asilimia 22, na ungeweka hela kwenye dhamana za serikali za muda mfupi ungepata 10 umelala zako. Kwa hiyo soko limemlipa aliyekubali kuhatarisha hela yake 12 za juu. Sasa hisa za jamaa zina papara, soko likipanda 1 zenyewe zinapanda 1.6, likishuka 1 zinashuka 1.6, na hiyo 1.6 ndo beta. 12 mara 1.6 ni 19.2, weka na ile 10 inakua 29.2. Hizo angezipata yeyote aliyebeba hatari ile ile bila kuchambua kitu. Yeye kaleta 30, kwa hiyo ufundi wake, yani alfa, ni 0.8, toa komisheni ya 2 mteja yuko hasi 1.2!

Na sio yeye peke yake. Mwaka 1968 mchumi Michael Jensen alipima mifuko 115 ya uwekezaji ya Marekani, 1945 mpaka 1964, akakuta wastani wa alfa baada ya gharama ni hasi, kama asilimia 1.1 kwa mwaka. Na hao ni watu wa ofisini na tai zao.

Ila kwa masoko yetu kuna mtego mwingine unaonikera zaidi. Hisa nyingi za Dar, na hata Nairobi zipo, zinaweza kukaa siku kadhaa hazijauzwa, bei inabaki ile ile ya zamani, soko likitikisika mwezi huu, sehemu ya mtikisiko yenyewe inauonyesha mwezi ujao. Ukipima mwezi kwa mwezi beta inaweza kutoka 0.5 wakati ya kweli ni 1. Angalia kinachotokea: nusu ya 12 ni 6, jumlisha 10 ni 16, hisa imeleta 22, basi unaambiwa una alfa ya 6, kumbe umetembea na soko tu, alfa sifuri. Dawa yake, pima hisa na mwendo wa soko wa mwezi huu na wa mwezi uliopita kwa pamoja, halafu jumlisha beta zote mbili. Beta ikipanda sana ukifanya hivyo, ujue ile alfa ilikua ya bei zilizolala.

Jamaa nimemuomba faida yake ya kila mwezi kwa miaka mitatu nimpimie bure. Tiki mbili za bluu, kimya.