Simu ikigoma kwenye 80

"Fundi, simu inakwama kwenye 80 tangu niinunue. Nimebadilisha chaja mbili na bado. Betri imekufa ama?"

Betri iko sawa, na chaja zote mbili ni nzima. Mwenye simu ni dereva wa bodaboda hapa Kondele, Kisumu, na simu yenyewe ni iPhone 15 aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Nilifungua Settings, nikaingia Battery, kisha Charging. Kwenye Charge Limit, mwenye simu wa kwanza alikuwa ameweka 80% na kuisahau hapo. Nikaisogeza hadi 100% na chaji ikaendelea kupanda.

Ila kabla ya kumcheka aliyeiweka, tuone alikuwa anahepa nini. Betri ya lithiamu huchoka polepole hata ukiiacha tu mezani, na huchoka haraka zaidi ikiwa imejaa, hasa kukiwa na joto. Ikijaa kabisa, volti yake huwa juu, nyingi za siku hizi karibu na 4.4. Katika hali hiyo kemikali za ndani huanza kulana zenyewe kwa zenyewe: lithiamu kiasi hunaswa isirudi kazini tena, na njia ya umeme ndani ya betri huzidi kuwa nzito. Simu inayolala kwenye chaja usiku kucha hufika 100 saa saba usiku, halafu hukaa imejaa hadi asubuhi, kila siku.

Optimized Battery Charging, iliyokuja na iOS 13 mwaka 2019, ililenga usiku huo. Simu hujifunza unavyochaji, husimama kwenye 80, halafu humalizia muda mfupi kabla ya wakati uliozoea kuichomoa. Hiyo si Charge Limit: Optimized inasubiri, Charge Limit inakataa katakata. Samsung nao wana Battery protection, na ukichagua Maximum unaweza kuikomesha kwenye 80.

Kwa mwalimu wa Milimani anayelala saa nne na kuamka saa kumi na moja, mpango huu wa kusubiri unafaa sana. Shida yake ni kwamba umejengwa juu ya imani kuwa alfajiri stima itakuwepo. Ikipotea saa tisa usiku, na huku kwetu hilo si jambo geni, zile ishirini za mwisho hazikuja, na mwalimu anatoka nyumbani na 80. Vilevile siku ya kudamka kuwahi basi la Nairobi simu haijui. Inabidi mtu ashikilie ile arifa ya chaji kwenye skrini na kuchagua Charge Now kabla ya kulala. Mtu wa bodaboda naye, anayechaji dakika ishirini kwa kinyozi na nyingine kumi hotelini, hana mazoea ya kusomwa. Kwake kipengele hiki kipo tu kama pambo.

Wanaopinga kikomo cha 80 wana hoja nzito. Betri ya 5,000 mAh ukiizuia hapo, unatumia 4,000. Hiyo 4,000 ndiyo utakayobaki nayo betri ikichakaa hadi asilimia 80 ya uwezo wake. Kwa nini ujinyime leo ukiogopa kunyimwa baada ya miaka miwili? Mimi nakubaliana nao nusu. Betri iliyochoka haipungui ujazo tu. Ukifungua kamera ikiwa na 15, inaweza kuzima ghafla. Iliyozuiwa ikiwa bado nzima haikufanyii hivyo, na siku ya safari unaondoa kikomo ukajaza yote. Kwa hiyo anayeshinda karibu na soketi, na anayetaka kukaa na simu miaka minne, aweke 80. Asishtuke siku moja akiikuta 100: iPhone huruhusu hivyo mara mojamoja ili hesabu yake ya asilimia isipotee.

Dereva wetu nilimwachia 100%. Simu yake ndiyo inayopokea wateja na malipo, na jioni ikizima, kazi imeisha. Kinachomla betri zaidi ni mahali anapochajia: simu imefungwa kwenye usukani, jua la saa saba, ramani imewaka na waya umechomekwa. Hapo hata kikomo kikiwa 100% inaweza kukwama kwenye 80 tena, kwa sababu iPhone husimamisha chaji ikipata joto kali. Nikamwonyesha namna ya kutofautisha. Aiguse mgongoni: ikiwa ya moto na skrini inaandika Charging On Hold, aichomoe, avue kava na kuiweka kivulini robo saa. Ikipoa na kuendelea kupanda, lilikuwa joto. Ikiwa baridi na bado imeganda kwenye 80, arudi Charging aangalie kikomo, kabla hajanunua chaja ya tatu.