Ukitoa ute, umetoa maji: viini vya mayai kwenye pasta

Kipimo cha kawaida cha pasta ya mayai ni kifupi: gramu 100 za unga wa ngano kwa yai 1 kubwa. Ndicho kinachofuatwa Emilia-Romagna, kaskazini mwa Italia, na kwa maoni yangu hakuna pazuri zaidi pa kuanzia. Ninachokipinga ni ushauri unaotolewa mtu akitaka pasta nono zaidi: toa yai zima moja, weka viini viwili. Ushauri huo huzaa donge kavu lisiloshikana, na chanzo ni maji.

Yai kubwa likishavunjwa huwa na gramu 50 hivi. Ute ni kama gramu 32, kiini kama 18. Ute karibu wote ni maji, na kinachobaki ni protini. Kiini ni kitu kingine kabisa: nusu yake tu ndiyo maji, na zaidi ya robo ni mafuta. Kwa hiyo yai zima huupa unga gramu 37 hivi za maji, ilhali kiini kimoja huupa gramu 9. Anayetoa yai moja na kutia viini viwili amelinyima donge lake nusu ya maji ya yai lile. Ili maji yarudi palepale, vinahitajika viini vinne.

Tuchukue gramu 300 za unga. Kwa kipimo cha kawaida ni mayai 3. Mimi huacha mayai 2 mazima, kisha naongeza viini 4. Donge huwa gumu kidogo mwanzoni, nalo likikandwa kwa dakika kumi hulainika na kung'aa. Asiyetaka kutumia viini vingi hivyo atie 3 pamoja na vijiko viwili vya chai vya maji. Tofauti ya ladha ni ndogo. Muhimu ni kupima mayai kwa mizani badala ya kuyahesabu. Mayai madogo ya gramu 40 yakiwa matatu yanapungukiwa gramu 30 nzima, na kwa unga wa gramu 300 upungufu huo unausikia mkononi.

Sasa, unono wenyewe unatoka wapi? Unga ukikutana na maji na kukandwa, protini zake huungana na kuwa gluteni, nyuzi zinazovutika. Mafuta ya kiini huzipaka nyuzi hizo na kuzizuia zisishikane kwa nguvu sana. Ndani ya kiini mna pia lesithini, inayoyafanya mafuta na maji yachanganyike vizuri, ndiyo maana donge la viini halitoi mafuta juu hata ukilikanda sana. Matokeo yake ni pasta laini inayokatika kwa urahisi mdomoni, na sosi ya siagi hutulia juu yake vizuri.

Lakini ute nao una kazi, na hapa ndipo nisipokubaliana na wanaouona kama taka. Protini zake huganda kwenye maji yanayochemka na kuipa pasta uimara, ile hali ya kutafunika bila kuvurugika. Kwa pasta ya kujazwa nyama au jibini, ninashikilia mayai mazima, kwa sababu shuka la viini vitupu huwa rahisi kupasuka pale linapokunjwa. Viini vitupu navipendekeza kwa tambi nyembamba, kama tajarin za Piemonte, ambazo wapishi wengine huzitengeneza kwa viini 30 au zaidi kwa kilo moja ya unga. Hizo hukaa kwenye maji kwa dakika moja au mbili tu.

Donge likiwa na kasoro, linajionyesha. Likipasuka kingo wakati wa kusukuma, limekauka: lowesha viganja na ukande tena, usimimine maji, maana kijiko kimoja kikizidi tayari linanata. Likiacha alama za unyevu kwenye ubao, linyunyizie unga kidogo kidogo. Ila kabla ya kulihukumu, lifunike vizuri ulipumzishe nusu saa. Donge la viini linahitaji mapumziko hayo kuliko la mayai mazima, kwa kuwa maji yake ni machache na unga huyanywa polepole.

Kwenye mkate mtamu hesabu ni hiyohiyo: viini hulainisha nyama ya mkate, na maji yaliyoondoka na ute hurudishwa kwa maziwa. Wala rangi isikuhadae. Unjano mkali wa kiini unatokana na chakula alichokula kuku, si wingi wa mafuta, hivyo kiini kilichopauka kitalainisha donge sawasawa na chenye rangi ya machungwa.