Nyumba ya wakfu na sharti la mwaka mmoja

Katika hati nyingi za wakfu mna sharti ambalo wasimamizi wengi hulilalamikia kuliko mengine yote: nyumba hii isikodishwe kwa zaidi ya mwaka mmoja kwa mkataba mmoja. Msimamizi wa leo akilisoma huona ukaidi wa mtu aliyekwisha kufa. Mpangaji mzuri anataka miaka kumi, benki inataka miaka kumi, fundi wa kukarabati paa naye hataki kusikia habari ya mwaka. Na marehemu, wanasema, hakuyajua haya.

Hoja hiyo si ya kupuuza, na nitaipa nafasi yake. Ila wanaoitoa mara nyingi hawajajiuliza sharti lile liliwekwa dhidi ya nani. Halikuwekwa dhidi ya mpangaji peke yake. Liliwekwa dhidi ya msimamizi pia.

Kanuni ya msingi inajulikana: sharti la mwekaji wakfu ni kama nassi, yaani andiko, ya mwenye kuweka sheria. Wanazuoni wamebishana juu ya maana yake. Ibn Taymiyya, mwanachuoni wa Kihanbali, alishikilia kwamba ufanano huo uko katika namna ya kuyafahamu maneno ya hati, si katika ulazima wake, hivyo sharti lisilo na faida ya kidini halimfungi mtu. Jumuia kubwa ya mafakihi haikwenda naye hadi huko. Kwao msimamizi ni mwakilishi aliyepewa mamlaka yenye mipaka, na sharti halali linamfunga hata pale anapoona lingine lingekuwa bora. Kuona bora si kazi yake. Kazi yake ni kutekeleza.

Sasa, kwa nini mwaka mmoja? Wahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Abu Hanifa, wa zama za baadaye walitoa fatwa kwamba hata hati ikinyamaza, nyumba na duka la wakfu visikodishwe zaidi ya mwaka mmoja, na ardhi ya kilimo isipite miaka 3. Sababu waliyoitaja ni ya kimahakama kabisa. Mtu akikaa katika mali miaka mingi, akiitengeneza, akiipangisha na akiigombea mbele za watu, majirani humwona kuwa mwenyewe. Mashahidi wa wakfu hufa. Hati hupotea. Siku ya kesi atakayekuwa na ushahidi ni mkaaji, si wakfu. Juu ya hilo kuna kodi: mkataba unapoisha kila mwaka, bei hulinganishwa tena na kodi ya mali za aina hiyo, na wakfu haubaki na bei ya zamani huku soko likipanda. Sharti dogo, lakini linafanya kazi mbili kwa pamoja.

Tuje upande wa pili. Nyumba imeanguka paa na ukuta mmoja. Wakfu hauna akiba, maana mapato yote yalikuwa yakigawiwa wanufaika. (Hapo tayari kuna kosa: ukarabati hutangulia mgao hata kama mwekaji hakulitaja hilo, na msimamizi aliyegawa huku nyufa zikionekana ana la kujibu.) Hakuna atakayepanga gofu kwa mwaka mmoja. Ukishikilia maandishi, nyumba itabaki gofu na masikini waliokusudiwa hawatapata kitu. Hapa sharti limeacha kulinda wakfu na limeanza kuuangamiza.

Suala hili hili, karibu kwa maneno haya, lilimfikia Ibn as-Salah, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 1245. Nyumba ilishartiwa isikodishwe zaidi ya mwaka, ikabomoka, na hapakuwa na njia ya kuijenga ila kuikodisha kwa miaka kadhaa. Alijibu kwamba inafaa, kwa sababu kuzuia katika hali hiyo kunapelekea nyumba isiwe na manufaa yoyote, na hilo ni kinyume cha maslahi ya wakfu wenyewe. Lakini aliongeza kikwazo: ifanyike kwa mikataba inayoanza upya, mmoja baada ya mwingine, hata kama mwekaji alikataza kuanza upya. Taqiyyuddin as-Subki, aliyefariki mwaka 1355, na al-Adhra'i baada yake walikubaliana naye katika ruhusa, wakakikataa kikwazo.

Kimantiki naona Subki ana nguvu. Kama dharura imeliondoa sharti, kwa nini tubaki nusu ndani yake? Na ni mpangaji gani atatoa fedha za kujenga ukuta kwa mkataba wa mwaka mmoja, akimwomba Mungu mkataba wa pili upatikane? Hata hivyo Ibn as-Salah alikuwa akilinda kitu ambacho mantiki hiyo inakiruka. Sharti lililoshindikana kwa kiasi fulani halijafa lote. Lililoshindikana ni kukodisha kwa muda mfupi mpaka gharama irudi. Kuipima kodi upya hakujashindikana, wala kukumbusha kila mara kwamba nyumba ni ya wakfu.

Tuchukue hesabu ya mfano. Ukarabati unagharimu 60. Nyumba ikiwa nzima kodi yake ni 10 kwa mwaka. Mpangaji yuko tayari kulipa gharama yote mwanzoni, akae bila kulipa kodi mpaka fedha zake zirudi. Anaomba miaka 15, na msimamizi anaona hilo ni neema, kwa kuwa leo nyumba inaingiza sifuri. Lakini 60 kwa kodi ya 10 ni miaka 6. Miaka 9 iliyobaki ni zawadi ya 90, nayo imetolewa na mtu asiye na haki ya kutoa zawadi katika mali ile. Na kama kodi inapimwa upya, ikapanda hadi 12 kuanzia mwaka wa nne, basi miaka mitatu ya kwanza imerudisha 30, miwili inayofuata 24, na zile 6 zilizosalia zinakwisha katikati ya mwaka wa sita. Kupima upya kumeirudishia wakfu nusu mwaka. Ni kiasi kidogo katika hesabu hii, kwa sababu bei imepanda kidogo tu. Bei ikipanda maradufu tangu mwaka huo wa nne, tofauti ni mwaka mmoja na nusu.

Wasimamizi watasema hakuna mpangaji atakayekubali masharti ya kubana namna hiyo. Inawezekana, na hapo ndipo mpangaji anapostahili nyongeza ya miaka, kwa kuwa amebeba hatari. Lakini nyongeza hiyo ipimwe na kadhi baada ya kutafuta wapangaji wengine, isikubaliwe kwa sababu ndiyo ofa ya kwanza iliyobisha hodi.

Historia ya kilichotokea pale kipimo kilipolegezwa inaeleweka vizuri zaidi kupitia Dola ya Uthmaniya. Moto uliteketeza mitaa ya Istanbul mara kwa mara, wakfu zikabaki na viwanja vya majivu bila fedha ya kujenga. Suluhisho likawa mkataba wa kodi mbili: mpangaji analipa mara moja fedha zinazokaribia thamani ya jengo, kisha kila mwaka kodi ndogo ya kudumu. Fedha za kwanza zilijenga. Hilo likiriwe kwa haki, kwani majengo mengi yasingesimama bila hizo. Ila haki ya mpangaji iliuzika, na ikarithiwa na watoto wake. Baadaye, katika karne ya 19, duara la warithi likapanuliwa, kiasi kwamba nyumba kuurudia wakfu kwa kukosekana mrithi likawa jambo la nadra. Kodi ya mwaka ilikuwa imepangwa kwa sarafu ambayo thamani yake ilishuka kizazi baada ya kizazi, na hakuna aliyeigusa.

Kisha ikaja sheria ya wakfu ya Uturuki ya mwaka 1935. Wenye haki hizo walipewa njia ya kuwa wamiliki kamili kwa kulipa mara 20 ya kodi yao ya mwaka. Tafakari hesabu hiyo. Mara 20 ya kodi ya mwaka, kwa mali inayokodishwa kwa bei ya soko, ni bei ambayo wauzaji wengi wangeikubali. Anayeisoma juujuu atadhani wakfu zililipwa vizuri. Lakini ile haikuwa kodi ya soko. Ilikuwa kodi iliyoganda tangu enzi za mababu, na mara 20 ya kitu kilichokuwa karibu na bure ni kitu kilicho karibu na bure. Wala hakuna hakimu wala msimamizi mmoja unayeweza kumnyooshea kidole kwamba aliuza. Kila mmoja alitoa ruhusa moja ya dharura, yenye sababu nzuri, kwa jengo moja lililoungua.

Huko Damascus dharura hiyo hiyo ilitatuliwa kwa njia niipendayo zaidi. Fedha za mpangaji ziliandikwa kuwa deni la wakfu, kwa jina la marsad, likikatwa katika kodi. Deni lina kiasi, na kiasi kina mwisho. Hata hilo liliharibika pale makato ya mwaka yalipofanywa madogo makusudi na deni lenyewe likaanza kuuzwa kwa watu wengine, lakini angalau kitabu cha hesabu kilionyesha wazi kwamba nyumba ni ya nani na nani anamdai nani.

Kwa hiyo kadhi akiletewa ombi la kuvuka sharti la mwaka, kuna mambo ambayo yakionekana humtosha kutilia shaka. Makadirio ya ukarabati yaliyoletwa na mpangaji mwenyewe bila fundi mwingine kukagua. Muda usiolingana na gharama. Kodi isiyo na tarehe ya kupimwa tena. Mkataba unaowataja warithi wa mpangaji. Na ruhusa iwe ya kadhi, si ya msimamizi. Wahanafi wanaoruhusu kuvuka sharti la muda kwa manufaa ya wakfu walimpa kadhi mamlaka hayo, kwa kuwa yeye ndiye mwangalizi wa wasiokuwepo mahakamani, wakiwemo wanufaika ambao hawajazaliwa.

Na nyumba ikishindikana kabisa, hata kwa mkataba mrefu? Wahanafi huruhusu kuibadilisha kwa mali nyingine iwapo haina manufaa tena, hakuna mapato ya kuijengea, na bei haijapunjwa kupita kiasi. Baadhi yao wakaongeza kwamba ibadilishwe kwa nyumba au ardhi, si kwa fedha taslimu, kwa sababu ambayo waliiandika bila haya: fedha wasimamizi huzila. Wanaodai kwamba wekaji wakfu waliwashuku watu bure waanzie na maneno hayo, kwa maana waliyaandika mafakihi waliokuwa wakitoa fatwa na kuamua kesi hizo wenyewe.