Hatua tatu au nne? Suali la mtihani kuhusu injini ya utafutaji

"Mwalimu katufundisha hatua nne: kukusanya kurasa, kutengeneza faharasa, kupanga daraja, kutoa majibu. Nikisoma mwongozo wa Google wenyewe naona tatu tu, kupanga daraja haimo peke yake. Niandike ngapi?"

Andika nne, maana ndiye mwalimu anayesahihisha. Lakini usiende zako ukidhani Google wamekosea kuhesabu. Wao wanahesabu kwa saa: kipi kinafanyika kabla mtu hajauliza, na kipi kinafanyika akishauliza. Mwalimu wako anahesabu kwa kazi, yaani nani anafanya nini. Hesabu zote mbili zinasimama, na kila moja ina pahala inapokwama. Njia rahisi ya kupaona ni kujenga injini ndogo kwa mkono.

Tuseme dunia nzima ina kurasa nne tu, zote za tovuti ya wakulima wa Pemba, na kila ukurasa una sentensi moja:

```
1  Bei ya karafuu Pemba
2  Karafuu zinaanikwa juani
3  Boti ya Pemba na Unguja
4  Bei ya makonyo ya karafuu
```

Kukusanya hakutuchukulii muda. Roboti inaanza na anwani inazozijua, inasoma ukurasa, inatoa viungo vilivyomo, inavifuata. Kabla ya hapo inasoma faili la `robots.txt` kuona wapi imekatazwa kupita. Jambo moja tu la kushika: kukatazwa kupita si sawa na kukatazwa kuorodheshwa. Ukiandika `noindex` ndani ya ukurasa kisha ukaifungia roboti mlango kwa `Disallow`, roboti haitaingia, kwa hiyo hiyo `noindex` haitaiona, na anwani yako inaweza kubaki kwenye matokeo kwa sababu tovuti nyengine zimeitaja. Hilo peke yake linaonesha kuwa hatua ya kwanza na ya pili ni milango miwili. Hapo hata Google na mwalimu wako hawagombani.

Faharasa ndiyo yenye mambo. Injini haisomi kurasa zote kila unapouliza. Inageuza kitabu ndani nje: badala ya kusema ukurasa huu una maneno gani, inasema neno hili limo kurasa zipi. Tukiyaacha "ya" na "na", tunapata hii:

```
bei         1, 4
boti        3
juani       2
karafuu     1, 2, 4
makonyo     4
pemba       1, 3
unguja      3
zinaanikwa  2
```

Sasa aje mtu wa Wete aandike "kuanika karafuu". Karafuu ipo. "Kuanika" haimo popote, ingawa ukurasa wa 2 ndio hasa anaoutaka. Kwetu sisi "kuanika" na "zinaanikwa" ni kitendo kimoja, shina lake "anik". Kwa faharasa hii ni mifuatano miwili ya herufi isiyojuana. Mtu atapewa kurasa za 1, 2 na 4 kwa ajili ya karafuu peke yake, na hakuna kitakachoutofautisha ule wa kuanika. Akiandika "kuanika" tu, atarudi mikono mitupu.

Wengi hudhani dawa ni kurekebisha upangaji wa daraja. Siyo. Upangaji unapanga vilivyoletwa, na ukurasa ambao faharasa haikuuleta hauna daraja la kupewa. Dawa iko nyuma, pale faharasa inapotengenezwa: maneno yakatwe hadi shina kabla ya kuandikwa, na suali la mtafutaji nalo likatwe vivyo hivyo. Kwa Kiingereza kukata huku hufanywa zaidi mwishoni mwa neno. Kiswahili kinabeba mizigo mbele na nyuma: zi-na-anik-w-a. Kanuni iliyoandikwa kwa lugha ya kukata mkia haitufai.

Wala kukata ovyo hakufai. Kata "ma" kwenye "makonyo" na "ki" kwenye "kikonyo", vyote vinabaki "konyo", mambo mazuri. Nenda na kanuni hiyohiyo bandarini: "Mkoani", toa "m", toa "ni", umebaki na "koa". Mtu anatafuta boti ya Mkoani, anapewa makala ya mdudu anayetambaa kwa utelezi. Ndiyo maana majina ya mahali huwekwa kwenye orodha ya maneno yasiyoguswa.

Haya, kupanga daraja, ambako ndiko ugomvi uliko. Mtu kaandika "bei ya makonyo". Neno "bei" limo kurasa 1 na 4, "makonyo" limo ukurasa wa 4 tu. Neno adimu linaeleza zaidi kuliko neno lililozagaa. Wazo hili la kulipa neno uzito kwa uadimu wake lilitolewa na Karen Spärck Jones mwaka 1972. Chukua idadi ya kurasa zote, gawa kwa kurasa zenye neno, kisha hesabu unaweza kuligawa jibu kwa mbili mara ngapi hadi ufike moja. "Bei": 4 kwa 2 ni 2, unagawa mara moja, uzito 1. "Makonyo": 4 kwa 1 ni 4, unagawa mara mbili, uzito 2. Ukurasa wa 4 una maneno yote mawili, unapata 3. Ukurasa wa 1 una "bei" tu, unapata 1. Wa 4 unakuwa juu, na ndivyo inavyotakiwa.

Sasa jiulize: uzito wa "makonyo" tuliuhesabu lini? Hatukumngoja mtafutaji. Idadi ya kurasa zenye neno ilikuwa imeshaandikwa ndani ya faharasa, ni kuhesabu namba zilizo mbele ya neno. Kipimo cha PageRank, walichokieleza Sergey Brin na Larry Page mwaka 1998 wakiwa na injini ya kurasa milioni 24, nacho kinahesabiwa kabla, kwa kuangalia kurasa zipi zimetajwa na kurasa zipi. Hakijali utauliza nini kesho. Kilichobaki kufanywa baada ya suali ni kuoanisha maneno ya mtafutaji na uzito uliokwisha kuwekwa. Kwa hiyo "hatua ya tatu" nusu yake imelala ndani ya hatua ya pili, na nusu yake imo ndani ya nne. Mwenye kuhesabu kwa saa haoni pahala pa kuisimamisha peke yake, na hapo nampa haki yake.

Hoja yao inazidi nguvu ukitazama majibu yanavyotolewa. Faharasa kubwa haikai kwenye mashine moja. Inakatwa vipande, kila kipande kwenye seva yake. Suali likiingia hupelekwa kwa vipande vyote kwa pamoja, kila kimoja kinapanga kurasa zake na kurudisha zile bora, kisha mashine ya mbele inaziunganisha na kupanga tena, inachota vijisentensi vya kuonesha chini ya kila kiungo, na kukuletea. Upangaji na utoaji vimesukwa kama ukili. Ukimwambia anayeandika programu hiyo akuoneshe mstari unaogawa hatua ya tatu na ya nne, atakuwa na kazi.

Basi kwa nini bado nasimama na mwalimu wako? Kwa sababu ya siku kitu kinapoharibika.

Niliwahi kufanya kazi kwenye ofisi moja mjini Unguja iliyokuwa na mfumo wa kutafuta hati zake za zamani, umejengwa juu ya Elasticsearch, programu ya kutafutia, faharasa imekatwa vipande vitatu kwenye mashine tatu. Hatukuweka nakala za akiba. Asubuhi moja, baada ya umeme kukatika usiku, dada wa masjala akaja na malalamiko: hati ya shamba aliyoiona jana leo haipo. Anaandika namba yake kamili, hapati kitu. Nyengine anazipata vizuri. Mwenzetu mmoja akasema hati haikuingizwa sawasawa, iingizwe upya. Mwengine akasema kanuni ya daraja inaishusha mno. Dada wa watu akaanza kuchapa upya maelezo ya hati, moja moja, na alifika ya kumi na kitu kabla hatujamzuia.

Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye matokeo yenyewe, sehemu ambayo hakuna aliyekuwa akiisoma. Chini ya `_shards` palikuwa na `"total": 3` na `"successful": 2`. Mashine moja haikuwaka umeme uliporudi. Elasticsearch kwa kawaida yake, kipande kimoja kisipojibu, hukuletea vya waliojibu badala ya kukunyima vyote. Skrini yetu ilionesha matokeo hayo bila kusema kuwa theluthi ya kabati imefungwa. Hati zilikuwa zimeshakusanywa, ziko kwenye faharasa, uzito wao uko sawa. Kilichoharibika ni utoaji peke yake. Tuliiwasha mashine, hati zikarudi. Zile alizochapa upya zikawa mbili mbili, na hizo zilituchukua muda zaidi kuliko mashine.

Kwa hesabu ya Google, kosa hili na kosa la daraja bovu yote yamo ndani ya "utoaji". Kwa aliyekaa mbele ya skrini ni makosa mawili yenye dawa mbili, na yana alama tofauti. Ukurasa ukiwapo lakini kila siku uko chini, shuku daraja. Ukiwa haupatikani hata ukiandika sentensi yake ambayo haimo popote pengine, shuku faharasa au ukusanyaji. Ukiwa jana ulionekana, leo haupo, na hakuna aliyeugusa, tazama utoaji kwanza. Alama hizi si za uhakika kwa injini kubwa za mtandaoni, maana huko faharasa yenyewe inabadilika kila saa na ukurasa unaweza kutolewa bila wewe kuambiwa. Kwa mfumo wa ofisi au wa skuli, ambao faharasa yake unaijaza mwenyewe, zinatosha kukuonyesha uanze wapi.

Kwenye mtihani, basi, andika nne kwa mpangilio wa mwalimu. Pakibaki nafasi ongeza mstari mmoja: kupanga daraja huanza faharasa inapotengenezwa na humalizika mtu anapojibiwa. Akikukata alama kwa mstari huo, mpelekee zile kurasa nne za Pemba, umwombe akuoneshe uzito wa "makonyo" ulihesabiwa hatua ya ngapi.