Penseli ya Bibi na Insha ya Pantoni

Chukua bibi mmoja wa Temeke, mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Jumapili jioni mjukuu wake wa darasa la sita anamletea daftari: insha ya "Safari Yangu ya Kigamboni", maneno kama 180, inatakiwa shuleni kesho asubuhi. Bibi akipitisha macho mara moja tu anahesabu makosa 26. Mkono wenyewe unatafuta kalamu nyekundu.

Maoni yangu ni kwamba asiishike. Akiyasahihisha yote 26, mtoto atanakili insha ya bibi kwa mwandiko mzuri, apewe vema, na mwalimu wa darasa aamini kwamba upatanisho wa kisarufi mtoto huyu ameshauweza. Ila asimrudishie daftari hivihivi pia. Madarasa yetu ya Dar yamejaa, na mwalimu mwenye rundo la madaftari mezani mara nyingi hupata nafasi ya kuweka alama na neno moja tu chini ya ukurasa. Huenda bibi ndiye mtu pekee atakayeisoma insha hii mstari kwa mstari. Kwa hiyo kusahihisha atasahihisha. Swali ni yapi, na kwa njia gani.

Aanze kwa kumwambia mtoto asome kwa sauti, naye bibi asiwe na kitu mkononi. Nukta zilizosahaulika zitajitokeza zenyewe, kwa sababu pumzi itamwishia mtoto katikati ya sentensi ya mistari mitano. Maneno yaliyorukwa nayo atayasoma kana kwamba yapo, kisha atasita. Katika insha hii nukta tatu zilizokosekana zinapata dawa hapo hapo, mtoto mwenyewe akizitia. Lakini kusoma kwa sauti kuna mipaka yake. "Tuli panda" na "tulipanda" husikika sawa, na mtoto asiyetofautisha r na l atasoma "mahari pazuri" bila kushtuka.

Yanabaki 23. Kumi na moja ni ya kutenganisha na kuunganisha maneno: "tuli panda", "ali tushika", "kwasababu", "nabibi", "yabahari". Sita ni ya upatanisho, manne ni ya r na l, na mawili ni ile "-ga" ya mtaani, "tulikuwaga tunacheka". Mimi ningechagua makundi mawili ya mwanzo tu, kwa sababu yana kanuni ambayo mtoto akiielewa leo ataitumia kesho kwenye insha nyingine.

Kwa kundi la kwanza kipimo ni kimoja: je, unaweza kupachika neno hapo katikati? "Kwa sababu" unaweza kusema "kwa ile sababu", basi ni maneno mawili. "Na bibi" unaweza kusema "na yule bibi". Lakini kati ya "tuli" na "panda" hapaingii neno, basi ni kitu kimoja. Mtoto wa miaka kumi na miwili akijaribu kipimo hiki mara tatu kwa mdomo, hana haja ya kuelezwa viambishi ni nini.

Makosa ya upatanisho yanataka uangalifu zaidi. Mtoto ameandika "magari zilipanda", "maji ilikuwa", "viti zote", "kikapu ya mama", "samaki kubwa" na "ndege kubwa". Ukiyatazama pamoja unaona kwamba hakukosea ovyo. Amechukua ngeli ya I-ZI, ile ya "nyumba ile" na "nyumba zile", akaivisha kila kitu, kama wengi wetu tunavyosema kwenye daladala. Kwa hiyo hahitaji masahihisho sita, anahitaji kutazama mwanzo wa nomino. Ma- inavuta ya-: magari yalipanda, maji yalikuwa. Vi- inavuta vy-: viti vyote. Ki- inavuta ch-: kikapu cha mama. Samaki ana njia yake, kwa kuwa kiumbe hai huenda na A-WA: samaki mkubwa.

Hapo kwenye ndege ndipo mwalimu mzoefu anapoweza kuharibu. Sentensi inasema: "Niliona ndege kubwa ikipita juu yetu." Jicho lililosahihisha insha kwa miaka thelathini linataka kuandika "ndege mkubwa akipita", hasa baada ya samaki. Bibi aulize kwanza.

"Mke mwenzangu, hebu niambie, hii ndege ilikuwa ya namna gani?"

"Ya abiria, bibi. Ilikuwa inakwenda kutua."

Basi mtoto yuko sahihi. Ndege ya abiria ni kubwa na inapita, ndege mwenye mabawa ya manyoya ni mkubwa na anapita. Angesahihishwa bila kuulizwa, angejifunza kwamba hata pale sikio lake lilipomwongoza vizuri lilimdanganya, na maana ya sentensi ingebadilika juu ya hayo. Kila upatanisho unaogusa maana uulizwe kabla ya penseli kugusa karatasi.

Penseli, ndiyo, na kazi yake ni kuweka kitone pambizoni: kitone kimoja kwa kila kosa la makundi yale mawili, mbele ya mstari wenye kosa. Asipige mstari chini ya neno, asiandike jibu. Mtoto ndiye atafute. Hapa bibi anapata habari ambayo kalamu nyekundu haimpi kamwe. Kosa ambalo mtoto analiona papo hapo kwa sababu ya kitone ni la kuteleza, halihitaji somo. Kosa ambalo anautazama mstari dakika mbili na halioni ni la kutojua, na hilo ndilo la kukaa nalo. Kwa uzoefu wa kazi hii, "tuli panda" huonekana haraka, "maji ilikuwa" huchelewa sana, kwa sababu masikioni mwa mtoto haina kasoro yoyote.

Makosa ya r na l ni habari nyingine. Hayana kanuni ya kugundua, kwa hiyo kumwambia mtoto "tafuta" ni kumtesa. Bibi amwandikie kabisa "mahali" juu ya "mahari", amweleze kwamba mahari ni ile inayopelekwa ukweni, na ayaweke maneno yote manne kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, kila moja na jozi yake ikiwa inayo: kalamu na karamu, kula na kura. Maneno haya hukaririwa moja moja kwa majuma, hayatibiwi Jumapili moja.

"Tulikuwaga" mbili ningeziacha zilivyo, mwalimu wa darasa azikute. Na kama konda angesema "huwaga tunajaza" ndani ya alama za mtajo, ningeitetea ibaki milele, kwa kuwa ndivyo anavyosema.

Kuna sentensi moja bado. Mtoto ameandika kwamba katikati ya Magogoni na Kigamboni "bahari ilikuwa inapumua kama ngombe aliyelala". Waalimu wetu wengi wangeandika juu yake "bahari ilikuwa shwari", au wangetia methali. Bibi anaisoma mara mbili. Kisha anaweka kitone kimoja pambizoni, na mtoto, baada ya kutafuta kidogo, anatia ritifaa: ng'ombe.