Ijumaa usiku: upunguze hisa au ulale nazo?

"Nishaweka stopu yangu, sasa Ijumaa nipunguze hisa za nini?" Swali hilo ni la kijana wa barzani kwetu Mchangani, anayenunua hisa za Marekani kwa simu.

Stopu, yaani oda ya kuuza bei ikishuka hadi kiwango ulichoweka, hufanya kazi soko likiwa wazi. New York wakishafunga, bei husimama kwenye skrini lakini habari hazisimami. Soko likifunguliwa, bei inaweza kuanzia chini kabisa ya stopu yako, na oda yako ikageuka kuwa ya kuuza kwa bei yoyote iliyopo.

Ijumaa ya tarehe 24 Januari 2025, hisa ya Nvidia, kampuni ya Marekani ya chipu za kompyuta, ilifunga kwa dola 142.62. Wikiendi ile wawekezaji walishikwa na hofu kwa habari za DeepSeek, kampuni ya Kichina ya akili mnemba, na Jumatatu hisa ikafunguka kwa 124.80. Chukua mtu mwenye akaunti ya dola 3,000, hisa 14 na stopu ya 135. Hesabu yake ilikuwa kwamba mambo yakiharibika atapoteza dola 107 hivi. Hisa zake zikiuzwa kwa bei ya kufungulia, dola zimemtoka karibu 250. Na kama stopu yake ilikuwa na kikomo cha bei karibu na hiyo 135, hisa zake hazikuuzwa kabisa, na siku hiyo hisa ilifunga kwenye 118.

Hata hivyo, wanaokataa kupunguza wana hoja nzito. Mei 2023 Nvidia hiyohiyo ilitoa hesabu zake soko likiwa limefungwa: kutoka 305.38 ilifunguka kwa 385.23, bei za kabla ya hisa kugawanywa mwaka 2024. Aliyepunguza jioni ile alikosa nono. Tena kuuza kila Ijumaa na kununua Jumatatu kunakula ada na tofauti ya bei ya kununua na kuuzia, na kwa akaunti ndogo hivyo vijidola vinauma.

Mimi sioni haja ya kupunguza kila wiki kwa aliyenunua kwa fedha zake akikusudia kukaa miaka. Kwa biashara ya siku chache, nasema apunguze, na zaidi kama amekopa kwa wakala, maana pengo kubwa kati ya bei ya kufungia na ya kufungulia likija, wakala huuza hisa zake bila kumngoja aamke.

Kiasi cha kubakisha kinatokana na pengo, stopu haihusiki. Ukikubali kupoteza asilimia 3 ya akaunti ile, ni dola 90. Kadiria pengo la asilimia 12, ambalo kwa bei ya 142.62 ni dola 17 kwa kila hisa. Gawa 90 kwa 17, unabaki na hisa 5, tisa unauza. Kwa hisa tulivu kadiria pengo dogo zaidi, na usiku wa kutangazwa hesabu za kampuni kadiria kubwa zaidi.

Uza soko likiwa bado wazi. Kwa saa zetu linafungwa saa sita usiku wakati wa baridi yao, saa tano wakati wa joto. Baada ya hapo wanunuzi huwa wachache na bei wanazotoa ni mbovu.